Nusu Mtungi kwa Siku

Kwenye simu yangu kuna picha tatu za mtoto wa shangazi yangu, zote amevua shati. Ya kwanza ilipigwa Kiwayu, ufukwe wa upande wa bahari kuu, Jumamosi jioni, wiki moja kamili kabla ya shindano lake la kwanza. Ya pili ilipigwa jukwaani Mombasa, Jumamosi iliyofuata. Ya tatu aliipiga mwenyewe Jumapili asubuhi mbele ya kioo cha chumba cha kulala wageni, macho yamevimba, medali hana.

Nimewaonyesha watu wengi picha hizo bila kuwaambia ipi ni ya siku gani, nikawauliza: huyu jamaa alishindana siku ipi? Hakuna hata mmoja aliyetaja ya jukwaani. Wengi huchagua ya Jumapili. Waliobaki huchagua ya Kiwayu, siku ambayo alikuwa ameshiba wali wa nazi na samaki wa nyanya yetu, na chumvi yake imo. Ya jukwaani wanaipita tu. Wanaona kijana mwembamba, mabega yamelala, tumbo limekunjamana kidogo, mshipa hata mmoja hauonekani mkononi.

Kati ya picha ya kwanza na ya pili alifuata maagizo. Hiyo ndiyo hasira yangu. Hakuzembea, hakula chipsi kwa siri. Alifanya alichoambiwa na kocha ambaye hajawahi kumwona uso kwa uso, aliyemtumia ratiba ya wiki ya mwisho kwa WhatsApp, ujumbe mmoja mrefu wenye alama za moto na misuli. Jumapili mpaka Jumanne, lita 10 za maji kwa siku na chumvi nyingi. Jumatano lita 10 tena, lakini chumvi sufuri. Alhamisi maji yapunguzwe chini ya nusu. Ijumaa lita moja. Ijumaa usiku kidonge cha maji. Jumamosi kusukutua mdomo tu, na keki za mchele zenye asali. Ati "kukausha".

Sasa fikiria ratiba hiyo ikitekelezwa Kiwayu. Kama hujafika, ni kisiwa chembamba cha mchanga, kaskazini kabisa mwa visiwa vya Lamu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga. Bahari unaiona kila upande. Maji ya kunywa ndiyo taabu. Visima vina ladha ya chumvi, kwa hiyo watu wanategemea mvua, na mvua inategemea jabia, lile birika kubwa lililojengwa lipokee maji ya masika na kuyatunza mpaka mwakani. Mtungi wa lita 20 unabebwa. Kuna mtu anayeuinamia, anaujaza, anaupeleka nyumbani. Jamaa yetu alikuja huko kwa harusi, akakaa siku kadhaa, na kila siku akawa anamaliza nusu mtungi peke yake, halafu anakwenda nyuma ya nyumba kuyamwaga.

Nyanya alimvumilia siku mbili. Siku ya tatu akamuuliza, "Mwanangu, mai haya wayanywa ama wayapitisha?"

Mimi nimefanya kazi ya jim miaka mingi na nimepanda jukwaani mara tatu, na sijasikia mwalimu wa lishe akilieleza jambo hili vizuri kuliko swali hilo. Lakini hatukumsikiliza. Tulicheka.

Wacha niseme nadharia yenyewe ni ipi, kwa haki, maana wanaoiamini si wajinga. Wanasema: chini ya ngozi kuna maji, na hayo maji ndiyo yanayoficha misuli. Ukinywa maji mengi sana kwa siku kadhaa, mwili unazoea kuyamwaga. Ukiyakata ghafla, mwili unaendelea kumwaga kwa mazoea, na sasa unamwaga ya chini ya ngozi. Chumvi inashika maji, kwa hiyo nayo ikatwe. Halafu ule wanga, na wanga unavuta maji kuyaingiza ndani ya misuli. Matokeo: ngozi nyembamba kama karatasi, misuli imejaa kama puto. Ukiisikia hivi inaleta maana kabisa. Kasoro yake ni kwamba kila sehemu ina chembe ya ukweli, na zikiunganishwa zinageuka uongo.

Chukua hilo la maji kuzoea kumwagika. Ni kweli ubongo hutoa homoni, vasopresini, inayoziambia figo zitunze maji. Ukinywa sana, homoni hiyo inashuka na mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Ukiacha kunywa, inapanda tena. Inachukua saa kadhaa, pengine siku, si zaidi ya hapo. Kwa hiyo kuna upenyo mfupi ambao utapoteza maji kuliko unavyokunywa. Sawa. Swali ambalo ratiba ya WhatsApp haijibu ni hili: maji hayo yanatoka wapi?

Nenda kamuulize mwanamke anayetengeneza ng'onda. Anampasua samaki, anampaka chumvi, anamtandaza juu ya uchanja, jua linamaliza kazi. Amewahi kuona chumvi ikinyonya maji ya chini ya ngozi tu, ikaiacha nyama imenona? Samaki wote hukauka. Nyama ndiyo inayosinyaa zaidi kwa sababu nyama ndiyo yenye maji. Najua, mwanadamu hapakwi chumvi kwa nje, na figo si jua, kwa hiyo usinishike kwa mfano huu mbali sana. Lakini hesabu ni ileile. Kijana mwenye kilo 74 na mafuta machache ana takriban lita 48 au 50 za maji mwilini. Theluthi mbili ziko ndani ya seli, na sehemu kubwa ya seli hizo ni misuli. Msuli wenyewe, robo tatu yake ni maji. Theluthi iliyobaki iko nje ya seli: baina ya tishu, pamoja na lita tatu hivi ambazo ndizo sehemu ya majimaji ya damu. Na hivi vyumba havina milango ya kufunga. Damu ikipungukiwa inavuta kutoka baina ya tishu. Huko kukikauka na chumvi ikizidi kuwa nzito, seli nazo zinatoa maji. Hakuna bomba unaloweza kulifungulia chini ya ngozi peke yake.

Kwa hiyo aliyekata maji hakaushi ngozi. Anapunguza damu, na anasinyaza misuli aliyoijenga kwa miaka miwili.

Damu ndiyo inayofanya mambo mawili ambayo majaji wanayaona kutoka mezani kwao: msuli uliojaa baada ya kupasha mwili nyuma ya jukwaa, na mishipa iliyochomoza. Yote mawili ni suala la ujazo. Ukipunguza damu na presha ikashuka, unaweza kusukuma mikono chini na juu na mpira wako mpaka kesho, msuli haujai. Aliniambia hivyo mwenyewe. Alipiga mpira ule dakika ishirini nyuma ya pazia akihisi kama mikono si yake. Akadhani hajakauka vya kutosha! Ndiyo akili ya wiki ile. Ukionekana vibaya, dawa ni kukauka zaidi.

Wanga nao. Hapa ndipo ratiba inapojipinga yenyewe waziwazi. Wanga unahifadhiwa kwenye misuli kama glaikojeni, na tangu utafiti wa Olsson na Saltin wa mwaka 1970 inajulikana kwamba kila gramu ya glaikojeni inakaa na karibu gramu tatu za maji. Ukitaka kujaza gramu 400, unahitaji zaidi ya lita moja ya maji iingie nayo. Zaidi ya hapo, utumbo unafyonza sukari kwa kushirikiana na sodiamu. Vinaingia mlango mmoja, wameshikana mikono. Sasa wewe umekata maji, umekata chumvi, halafu unabugia keki za mchele na asali. Zitakwenda wapi? Nyingi zinakaa tumboni. Ndiyo maana tumbo lake jukwaani lilikuwa laini na limejitokeza kidogo, na yeye akasema "maji yamebaki." Hayakuwa maji. Ulikuwa mchele unaosubiri maji.

Na hebu tulimalize hili la maji ya chini ya ngozi. Katika jim zetu, mtu anayesema "nimeshika maji" mara tisa kwa kumi ana mafuta. Nasema hivyo kwa upendo, nami nimelisema uongo huo mbele ya kioo. Maji ni neno la heshima kwa mafuta ambayo hukupata muda wa kuyapunguza. Ulianza lishe wiki nane kabla, ulihitaji kumi na sita. Kidonge cha usiku mmoja hakiwezi kulipa deni la wiki nane.

Mpaka hapa nimezungumzia muonekano tu, kwa sababu najua wasomaji wangu. Ukimwambia mtu wa miaka 23 kwamba jambo ni hatari, anaongeza kasi. Ukimwambia linamfanya aonekane mdogo, anasimama. Lakini nyuma ya muonekano kuna jambo lingine, nami nilikuwapo.

Jumatano usiku, siku ya lita 10 bila chumvi, alianza kuumwa kichwa. Akatapika. Akawa anajibu maswali polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alidhani ni joto, na akataka kunywa maji zaidi, maana alikuwa hajatimiza lita zake. Mimi nilikuwa Lamu mjini, nikampigia simu, nikasikia ulimi wake. Nikamwambia asinywe hata tone, ampe nyanya simu, nyanya amtengenezee mchuzi wenye chumvi, na watafute boti. Alikunywa mchuzi, akakaa karibu na jabia akikojoa mpaka alfajiri, akapata nafuu kabla boti haijapatikana. Bahati. Naliandika neno hilo nikijua maana yake.

Figo za mtu mzima mwenye afya zinaweza kumwaga kama lita moja kwa saa, na hiyo ni kama zina kitu cha kumwaga nacho. Mkojo hauwi maji matupu; lazima ubebe chumvi au taka za protini. Ukiondoa chumvi kwenye chakula na ukaendelea kujaza maji, unazipunguzia figo mzigo wa kubebea maji yale. Yanabaki. Sodiamu ya damu, ambayo inatakiwa iwe kati ya 135 na 145, inashuka. Maji yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo zimo ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, halafu degedege. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea maji unamuua, na kinachotisha ni kwamba kila anayemwona akitapika kwenye joto la Pwani atamkimbizia maji. Kwa hiyo shika tofauti hii: aliyekunywa lita nyingi kisha akaumwa kichwa na kuropoka, hapewi maji, anapelekwa hospitali. Kutoka Kiwayu hospitali kubwa ya karibu ni Lamu, safari ya saa kadhaa kwa boti, kama bahari inakubali na kama kuna mtu mwenye mafuta ya injini usiku huo.

Ungedhani angeacha. Asubuhi alikuwa fiti, akapanda boti akaenda zake, kwa sababu ratiba ilisema Alhamisi ni siku ya kupunguza. Nahodha alilazimika kupunguza mwendo mara sita kwa ajili yake, akamuuliza kama ana kisukari.

Chumvi ikishakatwa, mwili haukai tu kukutazama. Ndani ya siku moja hivi, tezi zilizo juu ya figo zinaongeza aldosteroni, homoni ya kubana chumvi. Mkojo unaanza kutoka karibu bila sodiamu, na badala yake figo zinatupa potasiamu. Yaani umemfundisha mwili wako ubahili siku mbili kabla ya shindano. Potasiamu ndiyo inayopanga umeme wa moyo. Karibu yote iko ndani ya seli. Kwenye damu inatakiwa kiasi kidogo sana, kati ya 3.5 na 5 hivi, na moyo hauvumilii ikipotoka mbali, iwe juu au chini.

Ndipo kinapoingia kidonge. Chake kilikuja kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Hakujua jina. Na jina ndilo kila kitu, kwa sababu vidonge vya maji si vya aina moja. Vipo vya aina ya Lasiksi, vinavyomwaga maji na chumvi kwa nguvu na kuondoka na potasiamu. Moyo unabaki na kidogo mno. Vipo vya aina ya Aldaktoni, vinavyozuia kazi ya aldosteroni na kuibakiza potasiamu. Ukivichanganya na ile chumvi mbadala ya potasiamu inayouzwa kwa wagonjwa wa presha, au na vidonge vya potasiamu alivyokupa rafiki "kuzuia misuli kukaza," inapanda, na moyo unaweza kusimama bila kukupa onyo hata moja. Halafu ule wanga: insulini inayopanda baada ya kula wanga mwingi inaisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Aliyekuwa tayari amepungukiwa anaweza kuamka miguu haisogei. Daktari anayempa mgonjwa wa moyo dawa hizi anapima damu yake kwanza, na anampima tena. Kijana wetu alipimwa na nani? Alipimwa na mzani wa jim. Kilo 69.8 asubuhi ya shindano. Kilo nne na ushee kwa wiki moja, naye alinitumia picha ya mzani kwa fahari.

Jukwaani alikaza paja kwenye mkao wa tatu na msuli wa ndama ukamshika. Alitabasamu, namjua, alitabasamu akiwa anaumia, lakini mguu ulitetemeka na majaji wanaona. Hakuingia tano bora. Nyuma ya pazia alikaa chini, akasimama haraka kumpa mtu mkono, akaanguka kama nguo. Alizinduka ndani ya dakika, moyo unadunda ovyo, akapelekwa kliniki, wakampima moyo kwa mashine, wakamwekea dripu taratibu huku wakisubiri majibu ya damu. Jambo la kwanza aliloniuliza kwa simu ni kama nafasi ya sita inatangazwa.

Usiku huo alikula: kuku, chipsi, soda, ng'onda aliyopewa na nyanya afunge nayo safari. Jumapili asubuhi akaamka amejaa, mishipa imetoka mpaka mapajani, akapiga ile picha ya tatu. Kila bodibilda amateri unayemjua amewahi kusema "ningeshindana leo badala ya jana." Wanalisema kama bahati mbaya ya kalenda. Kwani hamjiulizi? Kilichobadilika kati ya Jumamosi na Jumapili ni maji, chumvi na wanga vilivyokutana mwilini kwa mara ya kwanza wiki nzima. Jumapili ni jibu la mtihani, na tunalisoma kila mara kama mzaha. Tena jibu hilo lina saa zake. Kufika Jumatatu, aldosteroni ikiwa bado juu na chumvi imerudi kwa fujo, miguu yake ilivimba mpaka kandambili zikaacha alama.

Watetezi wa kukausha wana hoja moja wanayoirudia: mabingwa hufanya hivyo. Haya, tuwazungumzie mabingwa. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, mwaka 1990 alimshinda Dorian Yates huko New York, Yates yuleyule aliyekuja kuwa Bwana Olimpia mara sita. Oktoba 1992 Benaziza alishindana Uholanzi, na saa chache baadaye akafa, mwili umekaushwa, vidonge vya maji vikitajwa kama sababu. Alikuwa na miaka 33. Andreas Münzer wa Austria, aliyesifiwa kwa ngozi kavu kuliko ya mtu yeyote wa wakati wake, alishika nafasi ya sita kwenye Arnold Classic mwanzoni mwa Machi 1996, na kabla mwezi haujafika katikati, viungo vyake vilishindwa kimoja baada ya kingine. Miaka 31. Sitasema uongo kwamba ni maji peke yake. Münzer alikuwa na dawa nyingi mwilini. Paul Dillett mwaka 1994 hakufa, ila alikakamaa jukwaani hapohapo katikati ya mkao, wakambeba kama sanamu. Hawa walikuwa bora duniani na walikuwa na kazi ya kulinda. Wewe unagombea kikombe cha plastiki na mkebe wa unga wa protini.

Na msiniambie tatizo ni vidonge tu, kwamba bila vidonge ni salama. Mwishoni mwa 1997, kwa muda wa wiki tano hivi, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakipunguza uzito. Walikuwa na miaka 19, 21 na 22. Walivaa mavazi yasiyopitisha jasho, wakafanya mazoezi kwenye joto, wakajinyima maji. Vijana wenye afya, wenye makocha, chuoni. Chama cha michezo ya vyuo kilipiga marufuku mavazi hayo na vyumba vya joto miezi michache tu baada ya pale. Mwaka 2015 mpiganaji mmoja kutoka China alikufa Manila kwa sababu hiyohiyo, na waandalizi wa mapambano yale wakabadilisha kanuni zao za uzito. Wenzetu wa mieleka na ngumi angalau wana mzani wa kuwalazimisha. Bodibilda wa kategoria ya fiziki, ile ya kaptura ndefu, mara nyingi anagawanywa kwa urefu. Hakuna mzani unaomtaka apunguze hata gramu. Anajikausha bure.

Lipo swali la haki: mbona kwa wengine inafanya kazi? Nimemwona mtu akikata maji akashinda. Nami nimemwona, na kila mara ukimkalisha chini unakuta alikuwa tayari amekonda kiasi kwamba angeshinda hata akinywa chai jukwaani. Alikula wanga vizuri, akalala vizuri, na kwa bahati hakukata maji mapema mno. Ushindi anampa kidonge, kwa sababu kidonge ndicho alichokiogopa zaidi. Na yule aliyeanguka nyuma ya pazia haji kutoa ushuhuda jim. Anaona aibu.

Mwaka huu jamaa yangu anataka kurudi jukwaani. Nimekubali kumsaidia kwa sharti kwamba simu ya kocha yule ifutwe. Tunafanya mambo ya kuchosha. Lishe imeanza mapema, wiki kumi na nane, ili "maji" yake yote yaondoke kama mafuta yanavyoondoka, polepole. Maji ni lita tatu mpaka nne kwa siku, Jumatatu sawa na Ijumaa sawa na siku ya shindano, isipokuwa siku hiyo atayanywa kwa mafunda madogo asubuhi yote ili tumbo lisijae. Chumvi ni ileile ya chakula cha nyumbani, haiongezwi, haikatwi. Siku mbili za mwisho anaongeza wali na viazi, na tumeshajaribu kiasi hicho mwezi uliopita kwenye siku ya kawaida, tukapiga picha, tukakuta gramu 500 za wanga kwa siku zinamjaza na 700 zinamfanya tumbo livimbe. Saa moja kabla ya kupanda, wali kidogo wenye chumvi na glasi ya maji, kisha mpira wake. Uzito anapima kila asubuhi. Ukishuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa siku moja, au akisimama akaona giza, au moyo ukaruka, tunaacha kila kitu na kwenda hospitali, shindano liwe keshokutwa au liwe saa moja ijayo. Hilo tumeliandikiana.

Wiki iliyopita alikuwa Kiwayu tena. Masika ilichelewa na jabia lilikuwa limeshuka. Akanitumia ujumbe wa sauti, upepo mwingi nyuma yake, akisema nyanya amehesabu: lita tatu zake anampa, lakini anataka kujua lini anarudi Mombasa.